Kabla hujaacha maziwa na maharage, andika kwanza

*Wengi wenye tumbo linalosokota na kujaa gesi huacha chakula kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Daftari la majuma mawili na mlo wa majaribio wa muda mfupi vinaweza kuonyesha mhusika halisi, mradi mgonjwa asiishie njiani.*

DAFTARI lililo juu ya meza ya mtaalamu wa lishe ni lile la mistari wanalotumia watoto wa shule ya msingi. Kurasa zimegawanywa kwa rula katika safu sita, na juu ya ukurasa wa pili imeandikwa Jumatatu.

Maandishi yanayofuata ni ya kalamu ya bluu: "Saa 12 asubuhi: chai ya maziwa kikombe kikubwa, chapati 2. Saa 3: tumbo linasokota, maumivu 6. Choo mara 2, namba 6. Saa 7 mchana: wali maharage, sahani imejaa. Saa 11 jioni: tumbo limejaa gesi, nimelegeza sketi. Saa 3 usiku: ugali, mchuzi wa dagaa, kitunguu kingi."

Mwenye daftari ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Temeke, Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 34. Ameomba jina lake lisiandikwe, na ombi hilo linaeleweka, kwa kuwa mengi anayoyasimulia ni ya chooni.

Kwa takriban miaka miwili amekuwa akimwomba mwalimu wa darasa la jirani amwangalizie watoto katikati ya kipindi cha asubuhi. Kwa nyakati tofauti ametibiwa amiba, homa ya matumbo na minyoo katika vituo mbalimbali. "Kila nikienda napewa dawa za siku kadhaa. Zikiisha tumbo liko palepale," anasema. Kwa ushauri wa majirani aliacha maziwa, akaacha pilipili, kisha akaacha na machungwa. Hakuna kilichobadilika, na baadaye akaanza kuvitumia tena.

Mtaalamu wa lishe anapitisha kidole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari. "Umefanya vizuri, mwalimu, umeandika na kiasi," anamwambia. "Wengi huniandikia 'wali maharage' tu. Sijui kama ni kijiko au ni sinia."

Maumivu bila kidonda

Hali aliyonayo mwalimu huyo huandikwa na madaktari kwa herufi tatu, IBS. Utumbo ukitazamwa kwa kamera hauonyeshi kidonda wala uvimbe, lakini kazi yake imevurugika. Unasukuma chakula haraka mno au polepole mno, na mishipa yake ya fahamu inahisi maumivu pale ambapo utumbo wa mtu mwingine usingehisi chochote. Utafiti uliofanyika katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta watu wazima takriban 4 katika kila 100 wanakidhi vigezo vya hali hii.

Vigezo vinavyotumika sasa viliwekwa na kundi la wataalamu mwaka 2016. Mgonjwa awe na maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa juma katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zilianza angalau miezi sita nyuma. Pamoja na maumivu hayo kuwe na mawili kati ya haya matatu: maumivu yanahusiana na kwenda choo, idadi ya safari za choo imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika umbo. Wengine huharisha, wengine hukosa choo, na wengine hupata yote mawili kwa zamu.

Swali ambalo wagonjwa huuliza kwa uchungu ni kama daktari anawaona wanajifanya. Jibu ni hapana. Ubongo na utumbo huwasiliana wakati wote kwa mishipa ya fahamu na kemikali, na mawasiliano hayo yanaweza kuharibika baada ya maambukizi makali. Mwaka 2000 maji ya bomba ya mji wa Walkerton, Ontario, nchini Kanada, yaliingiwa na bakteria na maelfu ya watu wakaugua tumbo. Watafiti waliofuatilia wakazi hao kwa miaka walikuta waliougua wanapata IBS zaidi kuliko majirani zao ambao hawakuugua.

Mwalimu wa Temeke naye anakumbuka mwanzo wake. Aliharisha vibaya kwa juma zima baada ya msiba mmoja aliohudhuria, akatibiwa, akapona, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa.

Kwanza yaondolewe ya hatari

Hapa ndipo ninaposhauri msomaji asiruke ukurasa. Daftari na mlo maalumu ni vya mtu ambaye tayari ameonwa na daktari, kwa sababu magonjwa mengine kadhaa huanza kwa dalili hizi hizi.

Damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuhara kunakomwamsha mtu usingizini, au mabadiliko ya choo yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50 ni dalili zinazotaka uchunguzi wa haraka. Vivyo hivyo mtu ambaye ndugu yake wa damu amewahi kupata saratani ya utumbo mpana. Mwanamke aliyevuka umri huo ambaye tumbo lake limeanza kujaa mara kwa mara achunguzwe na mifuko ya mayai pia.

Kwa asiye na dalili hizo, daktari huagiza vipimo vichache: wingi wa damu, choo kuangaliwa vimelea, na pale vinapopatikana, kipimo cha choo kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe na kipimo cha damu cha siliaki. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano.

Kipimo hicho cha mwisho kina sharti ambalo wengi hulivunja bila kujua. Ni lazima mgonjwa awe bado anakula ngano. Aliyeacha mkate na chapati kwa wiki kadhaa kabla ya kupima anaweza kupata jibu la kuwa hana ugonjwa, kumbe anao. Kwa hiyo atakayeanza mlo leo na kwenda hospitali mwezi ujao atakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

> Aliyeacha ngano kabla ya kupima siliaki anaweza kuambiwa hana ugonjwa, kumbe anao.

Jambo jingine la kwetu ni mazoea ya kurudia dawa za amiba na homa ya matumbo kila tumbo linapouma. Kipimo cha damu cha Widal, ambacho bado kinatumika sana, kinaweza kuonyesha alama kwa mtu asiyekuwa na ugonjwa wakati huo, kwa mfano aliyewahi kuugua au kuchanjwa zamani. Mtu asiye na homa ambaye amepewa dawa za kuua bakteria mara kadhaa kwa mwaka, na bado hajapona, ana haki ya kuuliza kama ugonjwa unaotibiwa ndio alionao.

Daftari linasomwaje

Daftari la mwalimu lina safu za saa, chakula na kiasi chake, maumivu kuanzia 0 hadi 10, choo, usingizi, na mambo mengine ya siku hiyo kama hedhi, dawa au msukosuko kazini. Safu ya choo hutumia namba 1 hadi 7 za chati iliyotengenezwa Bristol, Uingereza. Namba 1 ni vipande vikavu kama kinyesi cha mbuzi, namba 3 na 4 ndicho choo cha kawaida, na namba 7 ni maji matupu.

Anayeandika hatakiwi kubadili chakula chake katika kipindi hiki. Anakula kama kawaida kwa majuma mawili na kuandika papo hapo, kwani anayesubiri hadi usiku hukumbuka maumivu na kusahau kikombe cha pili cha chai. Akiandika kwa majuma mawili hupata siku za kazi, wikiendi, na kwa mwanamke huenda pia siku zinazokaribia hedhi, ambazo zenyewe zinaweza kuvuruga tumbo.

Kosa kubwa la kusoma daftari ni kulaumu chakula cha mwisho. Mwalimu alikuwa na hakika kwamba chai ya maziwa ndiyo inayomuumiza, kwa kuwa maumivu huja saa mbili au tatu baada ya kuinywa. Mtaalamu alimwonyesha kwamba Jumamosi na Jumapili zote mbili alikunywa chai ile ile, kikombe kile kile, na safu ya maumivu ina sifuri na moja.

Maelezo yako kwenye jinsi utumbo unavyofanya kazi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma kile kilichokuwamo tangu zamani, na msukumo huo huwa na nguvu zaidi asubuhi. Kinachosokota saa tatu asubuhi kinaweza kuwa ni mabaki ya chakula cha jana yake, ambayo yamefika utumbo mpana usiku na kuchachuka huko hadi alfajiri. Chai imekuja tu kuamsha.

Waliporudi nyuma ukurasa mmoja mmoja, mpangilio ukaanza kujitokeza. Asubuhi zenye maumivu ya 5 na kuendelea karibu zote zilitanguliwa na maharage mchana, kisha mchuzi wenye vitunguu vingi usiku, tena chakula chenyewe kikiliwa saa 3 usiku. Wikiendi alikula mapema kwa mama yake, mara nyingi wali na samaki wa kukaanga. Pia wikiendi hakuwa akikimbilia daladala kabla hakujapambazuka. Hilo la mwisho nalo liliandikwa, kwa sababu haraka na wasiwasi huongeza msukumo wa utumbo, na daftari lisiloandika ila chakula litakipa chakula lawama zote.

"Nilikuwa nimemsingizia ng'ombe," anasema mwalimu.

Sukari na wanga vinavyochachuka

Vitunguu na maharage vina kitu kimoja kinachofanana, nacho ndicho kiini cha mlo unaojulikana kwa jina la FODMAP. Mlo huo ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, na Sue Shepherd pamoja na Profesa Peter Gibson, na jina lake likatumika katika machapisho kuanzia mwaka 2005.

Jina hilo linajumuisha aina fupi fupi za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Katika chakula chetu zimo fruktani, zinazopatikana kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano. Zimo zile za jamii ya maharage, kunde, mbaazi na dengu, ambazo binadamu hana kabisa kimeng'enya cha kuzivunja. Laktosi ni ya maziwa, na watu wengi wazima wa Afrika huisaga kwa shida. Fruktosi huzidi kwenye embe, asali na tikiti maji. Mwisho kuna sukari za kileo kama manitoli, iliyomo kwenye viazi vitamu, na sorbitoli, inayotiwa kwenye baadhi ya pipi na bazoka zisizo na sukari.

Zikishindwa kunyonywa hufanya mambo mawili. Zile ndogo, kama fruktosi, huvuta maji kuingia utumbo mwembamba. Ndefu kidogo, kama fruktani, hupita hadi utumbo mpana ambako bakteria huzichachua na kutoa gesi. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, wameyaona yote mawili kwa picha za MRI: fruktosi iliongeza maji, na fruktani iliongeza gesi.

Mambo haya hutokea kwa kila mtu, hata asiye mgonjwa. Tofauti ni kwamba mwenye IBS huhisi mvutano huo kama maumivu. Kwa hiyo vyakula hivi si sumu, wala havimharibii utumbo. Tena madhara yake hujumlishana. Chapati moja inaweza kupita salama, na maharage kidogo vilevile, lakini chapati, maharage na kachumbari ya vitunguu kwenye mlo mmoja vikavuka kiwango ambacho utumbo wake unaweza kustahimili.

Wiki nne jikoni

Hatua ya kwanza ni kupunguza makundi yote kwa pamoja kwa muda wa wiki mbili hadi sita. Mwalimu alipangiwa wiki nne.

Habari njema kwa jiko la Afrika Mashariki ni kwamba msingi wa sahani haukuguswa. Wali, ugali wa mahindi, uji wa mtama au ulezi, viazi mviringo na ndizi za kupika vinaruhusiwa. Samaki, dagaa, kuku, nyama na mayai havina wanga huu. Mchicha, sukuma wiki, karoti, bilinganya na bamia kiasi vinafaa, na kwenye matunda kuna papai, nanasi, chungwa na ndizi isiyoiva kupita kiasi. Ndizi hiyo hiyo ikishaanza madoa meusi, fruktani zake huwa zimeongezeka.

Unga wa lishe ulimkamata kidogo. Alidhani uji ni uji, hadi aliposoma mfuko na kukuta umechanganywa soya na ngano. Akarudi kwenye unga wa ulezi mtupu.

Kazi ngumu ilikuwa vitunguu, kwani karibu kila mchuzi wa nyumbani huanza navyo. Watu wengi hudhani inatosha kuvitoa mchuzi ukishaiva, lakini fruktani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo zinabaki kwenye mchuzi hata kitunguu kikitupwa. Kwenye mafuta haziyeyuki. Mwalimu alifundishwa kukaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu hadi zigeuke rangi, kuzitoa zote, ndipo atie nyanya, tangawizi na maji. Harufu inabaki bila wanga wake. Mafuta hayo yatumike hapo hapo, kwa sababu yakihifadhiwa mezani kwa siku kadhaa yanaweza kuotesha bakteria hatari. Majani mabichi ya vitunguu, ile sehemu ya kijani tu, nayo yanaruhusiwa.

Nyumbani kwake hapikwi vyungu viwili. Huchota sehemu yake kabla kitunguu hakijatiwa, kisha anaendelea kuipikia familia kama kawaida.

Wiki ya kwanza maumivu yalishuka kidogo. Wiki ya tatu safu yake ilikuwa na 1 na 2, choo kikawa namba 4 siku nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani akapumzika.

> Fruktani za kitunguu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kukitoa kitunguu mchuzi ukishaiva hakusaidii.

Wanaouamini na wanaotahadharisha

Upande wa wanaouamini mlo huu una ushahidi. Katika jaribio la Monash lililochapishwa mwaka 2014, watu 30 wenye IBS walipewa chakula kilichoandaliwa, siku 21 cha aina hii na siku 21 cha kawaida cha Kiaustralia. Kipimo cha dalili kwenye mlo wa FODMAP kidogo kilikuwa takriban nusu ya kile cha mlo wa kawaida.

Upande wa pili haukatai kwamba unasaidia. Unauliza kama ni wa lazima kwa kila mtu. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walilinganisha mlo huu na ushauri wa kawaida ambao muuguzi yeyote anaweza kuutoa: kula kwa saa maalumu bila kuruka mlo, sahani zisiwe kubwa sana, kutafuna polepole, kupunguza mafuta mengi, kahawa, soda na pombe. Takriban nusu ya wagonjwa wa kila upande walipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Ndiyo sababu mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Uingereza wa mwaka 2021 unaweka ushauri huo wa kawaida mbele, na mlo wa FODMAP kuwa hatua ya pili, chini ya mtaalamu wa lishe aliyefunzwa.

Kuna pia hofu ya kudumu kwenye mlo. Wanga huu ndio chakula cha bakteria wema wa utumbo. Watafiti wa King's College London walionyesha mwaka 2012 kwamba baada ya wiki nne tu, bifidobakteria walikuwa wamepungua kwa waliofuata mlo huo.

Kwetu hofu hiyo ina sura ya ziada, na kwa maoni yangu ni nzito kuliko ya bakteria. Maharage ndiyo protini na chuma ya nyumba nyingi zisizomudu nyama wala mayai kila siku. Kumwambia mama wa kipato cha chini aache maharage, kunde na maziwa bila kumwambia lini atavirudisha ni kumwondolea chakula, na ushauri kama huo haustahili kuitwa tiba.

Suala la ngano nalo limechanganya wengi. Watu kadhaa wanaojisikia vizuri wakiacha mkate huamini gluteni ndiyo adui. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norway, waliwapa watu 59 wa namna hiyo, ambao hawana siliaki, vipande vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na kimojawapo, bila wao kujua wanakula kipi. Fruktani ndizo zilizowasumbua zaidi. Kwa mgonjwa maana yake ni kubwa. Siliaki humlazimu mtu kuepuka hata chembe ya ngano maisha yake yote, ilhali mwenye shida ya fruktani anaweza kula kiasi chake.

Kurudisha chakula kimoja kimoja

Hatua ya pili ndiyo inayotoa jibu, nayo ndiyo wengi huiacha. Mtu akishapona huogopa kugusa alichokitoa, akabaki na orodha ya marufuku ambayo nusu yake haikumkosea.

Utaratibu ni huu. Mgonjwa anaendelea na mlo wa kupunguza, kisha anachagua chakula kimoja kinachowakilisha kundi moja. Anakila siku tatu, akiongeza kiasi kila siku, na daftari linaendelea. Dalili zikija anasimama hapo hapo, anasubiri hadi tumbo litulie kwa siku mbili tatu, ndipo anajaribu kundi jingine. Hata chakula kilichopita salama huwekwa kando hadi majaribio yote yaishe, ili kisichanganye hesabu.

Mwalimu alianza na maziwa. Siku ya kwanza alikunywa nusu kikombe, siku ya tatu kikombe kizima. Daftari lina sifuri, sifuri, moja. Maziwa aliyokuwa ameyaacha kwa muda mrefu hayakuwa na kosa.

Chapati zilifuata: nusu, kisha moja, kisha mbili. Mbili zilileta gesi jioni, moja haikuleta kitu.

Kitunguu maji hakikumaliza hata siku moja. Alikula kiasi cha vijiko viwili vilivyoungwa kwenye nyanya wakati wa chakula cha mchana, na usiku akaandika "maumivu 5, tumbo linaunguruma". Alisubiri siku tatu. Kitunguu saumu alikijaribu peke yake baadaye, kwa kuwa mtu anaweza kuvumilia kimoja na kingine kimshinde, na punje moja ndogo ilipita.

Maharage yalikuwa na somo la upishi ndani yake. Aliyaloweka usiku kucha, akamwaga maji, akayachemsha kwa maji mapya na kuyamwaga tena kabla ya kuyaunga, kwa sababu sehemu ya wanga wake hutoka na maji hayo. Robo kikombe ya maharage yaliyoiva haikumsumbua. Nusu kikombe ilimjaza gesi. Embe lilisubiri msimu.

> Maziwa aliyokuwa ameyaacha kwa muda mrefu hayakuwa na kosa. Kitunguu hakikumaliza hata siku moja.

Leo anakunywa chai yake ya maziwa, anakula chapati moja, na maharage anayapima kwa vijiko bila kuyakimbia. Kitunguu maji amekiweka kando nyumbani, na akialikwa harusini anakula pilau kidogo akijua kesho yake huenda ikawa nzito. Chakula cha usiku amekirudisha nyuma hadi saa 1. Zile asubuhi za msukosuko bado zinamjia mara moja moja, hasa wakati wa mitihani, na mtaalamu amemwambia hilo lisimrudishe kwenye kukata vyakula, kwa kuwa chanzo chake hakiko kwenye sahani.

Nani asijaribu peke yake

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari, mtu aliyekonda sana au aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula wasiuanze mlo huu bila mtaalamu kusimama nao. Wanaotumia programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Monash, inayoonyesha vyakula kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, waangalie kiasi kilichoandikwa kando ya rangi, kwa sababu chakula kile kile huwa kijani kwa kipande kimoja na chekundu kwa vitatu.

Pale ambapo hospitali haina mtaalamu wa lishe, kuna la kuanza nalo bila gharama: daftari la majuma mawili, kula kwa saa zilezile, sahani ndogo za usiku, kupunguza kitunguu na kuloweka maharage. Kwa baadhi ya watu hayo peke yake yanatosha. Yasipotosha, daftari hilo hilo lichukuliwe hadi kwa daktari, kwani kurasa zake zitamweleza mengi ambayo dakika chache za mazungumzo haziwezi kuyafikia.

Na aliyepunguza makundi yote kwa wiki sita bila kuona nafuu yoyote asiendelee. Arudie chakula chake chote, kisha arudi kwa daktari atafutiwe tiba nyingine, maana kwake wanga huu si tatizo.